Tarehe Nane na Siku Saba: Kwa Nini Mbili Lazima Zikutane

Tuseme kwamba siku ya soko mtu mmoja ameketi chini ya mwembe, ametandika kitambaa, na juu ya kitambaa ameweka franka elfu tano. Anawaita wapita njia, asema: «Nileteeni watu wanane, wo wote mtakaowachagua ninyi wenyewe. Kila mmoja aniambie tarehe na mwaka aliozaliwa. Nasema kwamba katika hao wanane wako wawili waliozaliwa siku moja ya juma. Nikishindwa kuwaonyesha, elfu tano ni zenu. Nikiwaonyesha, mtanipa elfu moja tu.»

Kijana mmoja aliyetumwa na mama yake kununua chumvi na sabuni asimama kusikiliza. Afikiri moyoni: «Elfu tano kwa elfu moja! Watu ni wanane tu, na kila mmoja amezaliwa mwaka wake na mwezi wake. Haiwezekani mtu huyu abahatishe kila mara.» Basi akusanya watu wanane, mmoja mzee, mmoja mtoto, wengine wageni kutoka ng'ambo ya ziwa, na mwenye kitambaa afungua kalenda zake, atafuta, aonyesha wawili waliozaliwa Alhamisi. Kijana atoa elfu moja. Abadili watu wote, ajaribu tena, apoteza tena. Sasa fedha ya chumvi imekwisha, na ile ya sabuni inafuata.

Wengine waliosimama pale watanong'ona kwamba yule mtu ana dawa. Hana dawa. Wala hana bahati, kwa maana mwenye bahati hushinda leo na kushindwa kesho, lakini huyu hatashindwa kamwe, hata akikaa chini ya mwembe huo mpaka uzee wake. Kijana ameweka fedha yake juu ya jambo lisiloweza kutokea. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, hatua kwa hatua, maana atakayelifahamu ataliona mahali pengi ambapo siku wala juma havitajwi.

Jambo lenyewe wenye elimu ya hesabu hulisema hivi: chukua namba nzima yo yote, tuiite n. Kisha kusanya namba nzima nyingine, unavyopenda, lakini ziwe n na moja zaidi. Katika kundi hilo zitapatikana daima mbili ambazo, ukitoa moja katika nyingine, tofauti yake hugawanyika kwa n bila kubaki kitu. Ikiwa n ni 7, kusanya namba 8. Ikiwa n ni 20, kusanya namba 21. Ziwe ndogo au kubwa, zifuatane au zitawanyike, haidhuru.

Tuanze na mfano mdogo kabisa, n iwe 2. Tunahitaji namba tatu. Twajua kwamba kila namba nzima ama ni shufwa, yaani hugawanyika kwa 2, ama ni witiri, yaani hubaki 1. Hakuna aina ya tatu. Ukiwa na namba tatu na aina mbili tu za kuziweka, mbili zitakuwa za aina moja, upende usipende. Na shufwa ukiitoa katika shufwa, au witiri ukiitoa katika witiri, hupata shufwa. Chukua 5, 12 na 31: namba 5 na 31 ni witiri zote mbili, na tofauti yake ni 26, ambayo ni 2 mara 13. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuliona hilo. Na neno lote tunalolieleza ni hilo hilo, ila aina zimeongezeka.

Sasa turudi kwenye 7, ambayo ndiyo namba ya yule mtu wa sokoni. Ukigawanya namba nzima kwa 7, baki yaweza kuwa nini? Yaweza kuwa 0, au 1, 2, 3, 4, 5, au 6. Haiwezi kuwa 7, kwa kuwa kama umebakiwa na 7 ungeweza kugawanya mara moja tena. Basi baki ni za aina saba, wala si nane. Fikirini vikapu saba vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kimeandikwa namba yake, kuanzia 0 hata 6. Kila namba duniani ina kikapu chake kimoja, na kimoja tu: 15 huingia katika kikapu cha 1, kwa sababu 15 ni 7 mara 2 na baki 1, 40 huingia katika kikapu cha 5, 700 huingia katika kikapu cha 0.

Leta sasa namba nane, uziingize moja moja. Ya kwanza iende po pote. Ya pili, kama haitaki kukaa pamoja na ya kwanza, na iende katika kikapu kingine. Ya tatu vivyo hivyo. Hata ya saba yaweza bado kupata kikapu kitupu, lakini ikisha kuingia hiyo ya saba hakuna kikapu kitupu tena. Ya nane itaingia wapi? Lazima iingie mahali palipo na mwenyeji. Na kama namba zilikwisha kukutana kabla ya hapo, basi neno letu limekwisha kutimia mapema.

Imebaki hatua moja, na hiyo wanafunzi wengi huiruka. Namba mbili zikiwa katika kikapu kimoja, kwa nini tofauti yake hugawanyika kwa 7? Kwa sababu kila moja imefanywa kwa mafungu ya saba saba pamoja na baki, na baki zake ni sawasawa. Ukitoa moja katika nyingine, baki hufuta baki, na kinachosalia ni mafungu ya saba saba matupu, hakuna kingine.

Tutazame mfano wenye tarehe za kweli za kalenda. Tuseme kwamba mwaka 2023 katika mtaa mmoja walizaliwa watoto wanane, nasi tunaandika siku ya kuzaliwa ya kila mmoja kwa kuhesabu tangu tarehe 1 Januari, ambayo ni siku ya 1 ya mwaka. Mwaka huo tarehe 1 Januari ilikuwa Dominika. Kwa hiyo baki 1 ni Dominika, baki 2 ni Jumatatu, na kuendelea hivyo hivyo hata baki 0, ambayo ni Jumamosi.

Mtoto wa kwanza alizaliwa 9 Januari, siku ya 9 ya mwaka. Gawanya 9 kwa 7, baki 2: Jumatatu. Wa pili alizaliwa 14 Februari, siku ya 45, baki 3: Jumanne. Wa tatu, 30 Machi, siku ya 89, baki 5: Alhamisi. Wa nne, 6 Mei, siku ya 126, ambayo ni 7 mara 18 kamili, baki 0: Jumamosi. Wa tano, 21 Juni, siku ya 172, baki 4: Jumatano. Wa sita, 20 Agosti, siku ya 232, baki 1: Dominika. Wa saba, 22 Septemba, siku ya 265, baki 6: Ijumaa.

Hapa tupumzike kidogo, tuangalie tulichonacho. Watoto saba, siku saba, na hakuna wawili waliokutana. Mwenye kalenda ya mwaka 2023 na ahakikishe. Basi anayesema kwamba kwa watu saba pia lazima wawili wakutane, amekwisha kukanushwa na watoto hawa saba peke yao. Lakini sasa anakuja wa nane. Kabla hata ya kuuliza tarehe yake, twajua kwamba atamkuta mwenzake, maana siku zote saba zimekwisha kukaliwa. Alizaliwa 29 Novemba, siku ya 333 ya mwaka. Namba 333 ni 7 mara 47 na baki 4: Jumatano. Naye wa tano, yule wa siku ya 172, ni 7 mara 24 na baki 4. Toa 172 katika 333, utapata 161, ambayo ni 7 mara 23. Tangu 21 Juni hata 29 Novemba yalipita majuma 23 kamili, bila siku moja ya kuzidi wala kupungua. Kama mtoto wa nane angezaliwa siku iliyofuata, angekuwa pamoja na yule wa Alhamisi. Hawezi kukimbia.

Ikiwa watu wamezaliwa miaka mbalimbali, hesabu haibadiliki. Badala ya kuhesabu tangu 1 Januari ya mwaka mmoja, tunahesabu siku zote tangu siku moja ya zamani tuliyoichagua, tukikumbuka kuongeza siku ya 29 Februari katika miaka inayoipata. Kila tarehe inakuwa namba moja nzima, na vikapu vinabaki saba. Na ikiwa watu wawili walizaliwa siku ile ile moja, kama mapacha? Tofauti ni 0, na 0 ni 7 mara 0. Hugawanyika bila kubaki kitu. Kwa hiyo nao wamo katika kanuni.

Sasa tuje kwenye jambo tunaloliona kuwa zito kuliko yote katika habari hii, nalo ni tofauti iliyoko kati ya watu saba na watu wanane. Kwa macho tofauti hiyo haionekani. Tuseme yule mtu wa sokoni angekuwa mwenye haraka, akasema «nileteeni watu saba». Je, angeshindwa mara ngapi? Tuhesabu. Mtu wa kwanza aweza kuzaliwa siku yo yote katika saba, wa pili vivyo hivyo, hata wa saba: jumla ya mipango ni 7 mara 7 mara 7, mpaka 7 zitimie saba, yaani 823,543. Katika mipango hiyo, ile ambayo watu wote saba wana siku mbalimbali ni michache: wa kwanza ana siku saba za kuchagua, wa pili ana sita zilizobaki, wa tatu tano, na kushuka hivyo hata wa mwisho mwenye moja tu. Ni 7 mara 6 mara 5 mara 4 mara 3 mara 2, yaani 5,040. Gawanya, utaona kwamba, kama siku zote zina nafasi sawa, watu saba hukwepana mara moja tu katika mara 163 hivi.

Fikirini maana yake. Mwalimu awezaye kuwagawa wanafunzi wa shule nzima katika makundi ya saba saba, akajaribu makundi mia moja, ana nafasi iliyo zaidi ya nusu ya kutoliona hata kundi moja lisilo na wawili waliokutana. Makundi mia moja! Baada ya kazi hiyo ya siku nyingi angeandika ubaoni kwa moyo mweupe: «Katika watu saba, wawili huwa na siku moja daima.» Na neno lake lingekuwa uwongo. Watoto wetu saba wa mwaka 2023 wangelivunja kwa mara moja. Lakini kuhusu watu wanane hatukuhitaji kujaribu kundi hata moja. Tulihesabu vikapu, tukahesabu watu, basi.

Ndiyo maana katika hesabu wanafunzi hudaiwa uthibitisho, ijapokuwa mifano waliyofanya ni mingi na yote imekubali. Wengi hunung'unika kwamba mwalimu anawachosha bure. Na wajaribu kutofautisha saba na nane kwa mifano peke yake, waone itawachukua muda gani.

Tuseme pia neno juu ya mambo ambayo kanuni hii haiyasemi, kwa maana watu huipenda mno hata wakaitwika mzigo usio wake. Haisemi ni namba zipi mbili zitakazokutana. Haisemi zitakutana katika kikapu kipi. Mtu akisikia kwamba siku ni saba na watu ni wanane, huenda akasema: «Basi lazima mmoja wao alizaliwa Dominika.» La, hasha. Yawezekana wote wanane walizaliwa Ijumaa, na Dominika ikabaki tupu kabisa. Kinacholazimika ni kukutana kwa wawili, si kujaa kwa kila kikapu. Tumesahihisha madaftari ya kutosha kujua kwamba kosa hili hurudi kila mwaka.

Kosa jingine hutokea kwa namba zilizo chini ya sifuri. Tuseme twahesabu siku kuanzia leo: kesho ni 1, kesho kutwa ni 2, jana ni −1, juzi ni −2. Siku ya −3 na siku ya 4 ni siku moja ya juma, maana kati yake kuna siku 7 kamili. Lakini mwanafunzi akigawanya 3 kwa 7, akaona baki 3, akaweka alama ya kutoa mbele yake, atasema kwamba −3 iko katika kikapu cha −3 na 4 iko katika kikapu cha 4, wala hazikutani. Yeye ameongeza vikapu vya −1, −2, hata −6, ambavyo havikuwapo. Vikapu vyake sasa ni kumi na tatu, na namba nane zaweza kukaa humo kila moja peke yake. Uthibitisho wote umebomoka. Dawa yake ni kukumbuka kwamba baki yapasa kuwa kati ya 0 na 6 daima. Basi −3 tunaiandika hivi: 7 mara −1, ongeza 4. Baki yake ni 4, nayo yaingia pamoja na mwenzake. Hata kompyuta hazipatani katika jambo hili: ukiandika `-3 % 7` katika lugha ya C utajibiwa −3, lakini katika lugha ya Python utajibiwa 4. Anayeandika programu ya kalenda bila kulijua hilo atakuwa na Jumatano mbili zisizotambuana.

Wengine watauliza ni nani aliyeanza kufikiri hivi. Mwaka 1622 Mjesuiti mmoja wa nchi ya Lorraine, Padri Jean Leurechon, aliandika kwamba lazima wawepo watu wawili wenye idadi moja ya nywele. Jambo hilo huchekesha, lakini ni kweli tupu. Hakuna mtu mwenye nywele 500,000 kichwani; wengi hawafiki hata 200,000. Na mji wa Lubumbashi una watu zaidi ya milioni moja. Vikapu ni vichache kuliko watu. Basi mjini humo wako wawili, huenda wasiojuana kabisa, wenye nywele sawasawa bila unywele mmoja kuzidi, wala hapana haja ya kuhesabu kichwa cha mtu. Baadaye, mwaka 1842, mwalimu mkuu wa Kijerumani aitwaye Dirichlet, aliyezaliwa Düren mwaka 1805, aliitumia njia hiyo kuthibitisha mambo mazito juu ya namba zisizoandikika kwa sehemu, na tangu hapo wengi huiita kwa jina lake. Wengine huiita kanuni ya droo, wengine kanuni ya matundu ya njiwa. Sisi tumesema vikapu, maana katika nyumba nyingi za huku vikapu ni vingi kuliko droo.

Na tukiisha kutaja vikapu, twendeni shambani. Mama mmoja ana watoto watano wakubwa, kila mmoja na nyumba yake. Anavuna maharagwe kwa siku tano mfululizo, na kila jioni anahesabu vikapu vya siku hiyo. Anataka kuchukua mavuno ya siku zinazofuatana, iwe siku moja, au mbili, au zote tano, ayagawe kwa watoto sawasawa, kila mmoja vikapu vizima, pasipo kubaki kikapu cha kugombewa. Je, atapata siku za namna hiyo? Jibu ni kwamba atapata daima, po pote lilipo shamba lake na vyo vyote yalivyo mavuno.

Tuone kwa hesabu. Siku ya kwanza alipata vikapu 7, ya pili 6, ya tatu 8, ya nne 3, ya tano 9. Ukitazama siku nne za kwanza, jaribu unavyotaka: 7 peke yake haigawanyiki kwa 5, wala 6, wala 8, wala 3, siku ya kwanza na ya pili ni 13, haifai, ya pili na ya tatu ni 14, haifai, ya tatu na ya nne ni 11, tatu za kwanza ni 21, tatu za mwisho katika hizo nne ni 17, zote nne ni 24. Hakuna hata moja. Mama angekata tamaa jioni ya siku ya nne. Lakini kanuni yasema asubiri kesho.

Siri yake ni kuhesabu jumla inayokua. Kabla ya kuanza, ghala ina 0. Jioni ya kwanza ina 7, ya pili 13, ya tatu 21, ya nne 24, ya tano 33. Hesabuni ni namba ngapi: 0, 7, 13, 21, 24, 33. Ni sita! Siku ni tano, lakini jumla ni sita, kwa kuwa ile 0 ya ghala tupu nayo imo; anayeisahau hiyo 0 atakosa namba moja, na uthibitisho wote utamponyoka. Basi tuna namba sita, na n ni 5: ndiyo n na moja zaidi. Baki zake kwa 5 ni 0, 2, 3, 1, 4, na 3. Tazameni: jioni ya nne vikapu vyote vitano vya baki vilikuwa vimekwisha kukaliwa, kimoja kimoja. Jumla ya sita haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa juu ya mwingine, nayo imeangukia kwenye 3, pamoja na 13. Toa 13 katika 33, utapata 20, ambayo ni 5 mara 4.

Na hiyo 20 ni nini? Ni vyote vilivyoongezeka tangu jioni ya pili hata jioni ya tano, yaani mavuno ya siku ya tatu, ya nne na ya tano: 8, 3 na 9. Kila mtoto atapewa vikapu 4. Kama siku ya tano mama angevuna idadi nyingine, siku za kugawana zingekuwa nyingine, lakini zingekuwapo. Akivuna 6 siku hiyo, jumla yake ni 30, nayo ina baki 0 sawa na ghala tupu. Basi agawe mavuno yote ya siku tano. Akivuna 10, siku ya tano peke yake yatosha. Na asipovuna kitu siku hiyo, basi siku hiyo ina 0, ambayo hugawanyika kwa wote sawasawa. Watoto hawatafurahi, lakini hesabu haina kosa.

Wanafunzi wanaopenda kujipima, tunawaachia swali moja. Andikeni namba zilizofanywa kwa tarakimu 1 tu: 1, 11, 111, 1111, na kuendelea hata nane zitimie. Kwa kanuni yetu, mbili kati yake hutofautiana kwa namba inayogawanyika kwa 7. Tofauti hiyo ina sura gani ukiiandika? Ina tarakimu 1 kadhaa mbele, na sifuri kadhaa nyuma. Sasa sifuri hizo zaweza kuondolewa bila kuharibu kugawanyika kwa 7, kwa sababu kila sifuri ni kuzidisha kwa 10, na 10 haina 7 ndani yake. Kwa hiyo lazima iwepo namba ya tarakimu 1 tupu inayogawanyika kwa 7 bila kubaki kitu. Itafuteni, mkigawanya moja moja kwa kalamu na karatasi, na mwandike baki ya kila hatua. Mkisha kuipata, jaribuni vivyo hivyo kwa 13, kisha mwambieni mwalimu wenu kwa nini njia hii haiwezi kuwapa jibu kwa 5.